Maji ya kifuani: transudeti au eksudeti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uwiano wa protini na LDH

Kwa nini tunahangaika kuyatenganisha maji haya?

Kwa sababu jibu ndilo linaloamua utafute nini baadaye. Pleura ni utando laini wenye tabaka mbili, moja limefunika pafu na jingine limepaka ukuta wa kifua kwa ndani. Katikati yake kuna maji machache sana ya kulainisha. Maji hayo yanaweza kuongezeka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza, utando wenyewe ni mzima ila shinikizo limevurugika. Moyo ukishindwa kusukuma damu, shinikizo hupanda kwenye mishipa na maji huchujika kuingia kifuani. Albumini ikishuka sana kwenye damu, kwa mfano figo zinapoivujisha kwenye mkojo, nguvu ya kuyashikilia maji ndani ya mishipa hupungua. Kwenye sirosisi ya ini, maji ya tumboni hupenya vitundu vidogo vya kiwambo na kupanda juu, mara nyingi upande wa kulia. Maji ya namna hii ni mepesi, yana protini kidogo na kiasi kidogo cha LDH, kimeng'enya kilichomo ndani ya seli. Ndiyo transudeti.

Njia ya pili, utando ni mgonjwa: kuna nimonia jirani yake, kifua kikuu, saratani, donge la damu kwenye mshipa wa pafu au ugonjwa wa kinga ya mwili. Mishipa midogo hulegea na kupitisha protini, na seli zinazokufa humwaga vimeng'enya vyake. Hiyo ni eksudeti.

Ukiwa na transudeti, unautibu moyo, ini au figo. Ukiwa na eksudeti, lazima uendelee kutafuta chanzo kwenye kifua chenyewe, na pengine kuchukua kinyama cha pleura. Kosa la kuiita eksudeti transudeti linaweza kuficha saratani au usaha. Kosa la upande wa pili humpeleka mgonjwa wa moyo kwenye vipimo vya kuchomwa ambavyo hakuvihitaji.

Vigezo vyenyewe ni vipi?

Vinaitwa vigezo vya Light, kwa jina la daktari Richard Light aliyevichapisha pamoja na wenzake mwaka 1972. Seramu ni majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Maji ya kifuani ni eksudeti ikiwa walau kimojawapo kati ya hivi vitatu kimetimia:

```
Protini ya maji / protini ya seramu   > 0.5
LDH ya maji / LDH ya seramu           > 0.6
LDH ya maji  > 2/3 ya kikomo cha juu cha kawaida cha LDH ya seramu
```

Kisipotimia hata kimoja, ni transudeti. Kikomo cha juu cha kawaida ni namba iliyochapwa pembeni ya jibu la maabara, kwenye safu ya viwango vya kawaida. Kama maabara yako inaandika kwamba LDH ya kawaida haizidi 250, theluthi mbili yake ni 167.

Watu wengi hukosea hapo. Hukariri namba 200, ambayo ndiyo iliyotumika mwaka 1972, au hubeba kikomo cha hospitali waliyosomea. LDH hupimwa kwa kuangalia mmenyuko unaokwenda pande mbili, kutoka laktati kwenda piruvati au kinyume chake, na mbinu ya upande wa pili hutoa namba karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa hiyo LDH ya 300 inaweza kuwa ya kawaida kwenye maabara moja na kuwa juu kwenye nyingine. Soma kikomo cha maabara iliyopima sampuli yako.

Kwa nini tusitumie protini ya maji peke yake, ile 30 g/L ya zamani?

Kanuni hiyo, inayoita eksudeti maji yenye protini zaidi ya 30 g/L, inafaa pale protini ya damu ilipo ya kawaida na jibu liko mbali na mpaka. Maji yenye protini 12 g/L hayahitaji mjadala mrefu. Shida huanza damu yenyewe inapokuwa si ya kawaida.

Chukua mgonjwa aliyedhoofu, protini ya seramu imeshuka hadi 45 g/L, na maji yake yana 27. Kwa kanuni ya 30 utasema transudeti. Lakini 27 gawanya kwa 45 ni 0.6: kwa damu maskini kama ile, zaidi ya nusu ya protini imevuka kwenda kifuani, na utando mzima hauwezi kupitisha kiasi hicho. Sasa chukua mwenye saratani ya seli za plazma ambaye protini ya damu ni 110 g/L, na maji yana 48. Kanuni ya 30 inasema eksudeti, uwiano ni 0.44 tu. Uwiano unakuuliza ni sehemu gani ya protini ya damu imevuka, na hilo ndilo swali lenyewe.

Sampuli zichukuliweje ili hesabu iwe na maana?

Maji na damu vichukuliwe kwa wakati mmoja, au ndani ya saa 24 kwa upana zaidi. Kutumia protini ya damu ya wiki iliyopita ni kosa la kila siku, hasa kwa mgonjwa ambaye tangu hapo amepewa maji ya mshipani au dawa za kukojosha.

Ukiwa na mililita 50 za maji, zinatosha kwa yote. Kwa kemia, yaani protini, albumini, LDH na glukosi, weka takriban mililita 5 kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda au yenye heparini. Chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, ni ya kuhesabu seli. LDH isipimwe humo. Zilizobaki zigawiwe kwenye uoteshaji wa bakteria, vipimo vya kifua kikuu na uchunguzi wa seli za saratani, ambao ndio unaohitaji ujazo mkubwa zaidi.

Andika lebo ukiwa kitandani kwa mgonjwa, na uandike neno "maji ya pleura" wazi. Maabara isipojua ni maji gani, huweza kuyapima kama seramu na kuyawekea alama za viwango vya damu, kisha msomaji akaona "LDH ya kawaida" ilhali imevuka theluthi mbili.

Maabarani, maji yazungushwe kwenye sentrifuji kabla ya kupimwa na kemia ifanywe kwenye sehemu ya juu iliyo angavu. Yakiachwa saa nyingi yakiwa na seli zake, seli hizo hufa na kumwaga LDH ndani ya chupa, nawe utapima kilichotokea mezani.

Ni nini hasa huiharibu LDH?

Chembe nyekundu za damu. Zimejaa LDH, kiasi kwamba zikipasuka chache tu namba inaruka, wakati protini haitikisiki sana. Jambo la kushikilia ni kwamba madhara hutegemea ni sampuli ipi iliyopasukiwa.

Ikiwa ni maji, kwa sababu sindano ilipita kwenye mshipa na damu ikachanganyika, LDH ya maji hupanda na transudeti huonekana eksudeti. Ikiwa ni seramu, mambo hugeuka, na hili ndilo la hatari zaidi. Tuseme LDH halisi ya seramu ni 200 na ya maji ni 150, protini 33 kwa 70, kikomo cha maabara 250. Uwiano wa LDH ni 0.75: eksudeti. Sasa damu ilivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, chembe zikapasuka, na LDH ya seramu ikasomeka 320. Uwiano unakuwa 0.47. Protini ni 0.47, na 150 haijafika 167. Vigezo vyote vitatu vimekaa kimya, na mgonjwa mwenye ugonjwa wa pleura amepewa jina la transudeti.

Utajuaje? Tazama rangi. Seramu nzima ni ya manjano hafifu. Iliyopasukiwa huwa na wekundu, kuanzia waridi hadi rangi ya zabibu. Mashine nyingi pia hutoa alama ya hemolisisi, yaani kupasuka kwa chembe nyekundu, kando ya jibu. Potasiamu iliyopanda bila sababu kwenye sampuli ileile ni dalili nyingine. Ukiona hayo, rudia damu, usirekebishe namba kwa makisio.

Kitu cha pili ni baridi. Aina mbili za LDH, zile zinazotoka zaidi kwenye ini na misuli, hupoteza nguvu zikiwekwa kwenye baridi, na kugandisha ni kubaya zaidi. Sampuli itakayopimwa siku hiyohiyo ikae kwenye joto la kawaida la chumba.

Mgonjwa wangu ana moyo ulioshindwa, lakini majibu yanasema eksudeti. Nifanye nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko mengine, na lina haki ya kuulizwa. Vigezo hivi vimeundwa ili eksudeti isiponyoke. Kwa kuwa kimoja kati ya vitatu kinatosha kuhukumu, eksudeti nyingi sana hukamatwa, lakini gharama yake ni kwamba karibu robo ya transudeti nazo huitwa eksudeti. Wanaoangukia humo zaidi ni wagonjwa wa moyo waliokwisha kuanza dawa za kukojosha.

Tufanye hesabu kamili. Mgonjwa wa miaka 68 ana moyo ulioshindwa, miguu imevimba, maji yako pande zote mbili, kulia zaidi. Amepewa furosemidi, dawa ya kukojosha, mshipani kwa siku 5, amekojoa vizuri, lakini maji ya kulia hayajaisha na yamechotwa. Hana homa. Majibu ya siku hiyohiyo:

```
                 Seramu    Maji
Protini (g/L)      70       38
Albumini (g/L)     36       19
LDH (U/L)         240      138
Kikomo cha juu cha LDH: 250
```

Protini: 38 gawanya kwa 70 ni 0.54, imevuka 0.5. LDH: 138 gawanya kwa 240 ni 0.58, haijavuka 0.6. Theluthi mbili ya 250 ni 167, na 138 iko chini. Kigezo kimoja kimetimia, tena kwa nywele. Kwa sheria ni eksudeti.

Hapa ndipo unaacha kugawanya na kuanza kutoa. Chukua protini ya seramu, toa ya maji:

```
Tofauti ya protini:   70 - 38 = 32 g/L   (mpaka: zaidi ya 31)
Tofauti ya albumini:  36 - 19 = 17 g/L   (mpaka: zaidi ya 12)
```

Tofauti ikizidi mipaka hiyo, utando bado unaizuia protini kama kawaida, na maji yanaelekea kuwa ya moyo licha ya uwiano. Ya protini imevuka kwa gramu moja tu, ambayo peke yake isingenituliza. Ya albumini imevuka kwa tano, na zote zinaelekea upande mmoja na picha ya mgonjwa. Kama kipimo cha NT-proBNP, kemikali inayotolewa na moyo uliolemewa, kipo, kikizidi 1500 pg/mL kwenye maji au kwenye damu kinaongeza uzito huohuo. Mgonjwa huyu aendelee na matibabu ya moyo na maji yafuatiliwe kwa ultrasaundi.

Lakini usianze na tofauti kwa kila mgonjwa. Ikitumika peke yake kama kipimo cha kwanza, hupitisha baadhi ya eksudeti kama transudeti. Tunaitumia pale tu mambo mawili yanapokutana: daktari ana sababu nzuri ya kuamini ni moyo, na vigezo vya Light vimevukwa kidogo. Mgonjwa huyuhuyu angekuwa na homa, maji upande mmoja tu, au LDH ya 600, hesabu ya kutoa isingemwokoa. Tungetafuta nimonia, donge la damu au saratani juu ya ugonjwa wake wa moyo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Dawa ya kukojosha inabadilishaje protini ya kifuani?

Inatoa maji haraka kuliko protini. Fikiria kifua chenye lita 1 ya transudeti yenye protini 26 g/L, yaani gramu 26 kwa jumla. Kwa damu ya 70, uwiano ni 0.37. Furosemidi ikivuta mililita 300 za maji matupu, gramu zilezile 26 zimebaki kwenye mililita 700, na sasa kipimo kinasoma 37 g/L. Uwiano ni 0.53. Hakuna ugonjwa mpya ulioingia. Ni kama mchuzi ulioachwa jikoni ukakauka, chumvi ni ileile ila umekolea. Kwa uhalisia protini kiasi huondoka pia kupitia mishipa ya limfu, kwa hiyo kupanda huwa kudogo kuliko hesabu hii, lakini mwelekeo ndio huo. LDH nayo hukolea kwa njia hiyohiyo.

Ndiyo maana kwenye fomu ya maabara na kwenye faili tunasisitiza iandikwe dawa ya kukojosha ilianza lini. Siku ya kwanza na siku ya tano si maji yaleyale.

Jibu likiwa pale pale mpakani?

Lichukue kama jibu la mpakani, usilichukue kama hukumu. Protini ya maji 35 kwa seramu 70 ni 0.50 kamili, na kigezo kinasema *zaidi ya* 0.5, kwa hiyo hakijatimia. Ikisomeka 36, uwiano ni 0.51 na jina limebadilika. Mashine ileile ikipima sampuli ileile mara mbili inaweza kutofautiana kwa gramu hiyo moja. Angalia kwanza kama vipimo vya protini vya maji na damu vimefanywa kwenye mashine moja na kwa kizio kimoja. Tumeona uwiano wa 5.4, kwa sababu maji yaliandikwa kwa g/L na damu kwa g/dL.

Kadiri jibu linavyokuwa mbali na mpaka ndivyo linavyoaminika. Uwiano wa protini wa 0.75 hauhitaji kubembelezwa.

Protini inasema hivi, LDH inasema vile. Nani ana haki?

Kwa sheria, yeyote aliyevuka anashinda. Lakini kutokubaliana kwenyewe kuna habari. LDH ikiwa juu na protini ikiwa chini, fikiria kwanza damu iliyopasuka kwenye maji. Ukiiondoa hiyo, saratani na maji ya jirani ya nimonia huweza kuanza hivyo. Protini ikiwa juu na LDH ikiwa chini kabisa, tazama rangi ya maji: yakiwa kama maziwa, pima trigliseridi, kwani mfereji mkuu wa limfu ukivuja hutoa sura hiyo. Yakiwa angavu kwa mgonjwa wa moyo, umesharudi kwenye hesabu ya furosemidi.

Damu haikuchukuliwa. Maji peke yake yanatosha?

Yanaweza kusaidia. LDH ya maji ikizidi 0.45 ya kikomo cha juu cha kawaida, au kolestero ya maji ikizidi 45 mg/dL, ambayo ni 1.16 mmol/L, maji yahesabiwe kuwa eksudeti. Kwa maabara yenye kikomo cha 250, 0.45 yake ni 113. Angalia kwamba mpaka huu wa LDH uko chini kuliko theluthi mbili. Usivichanganye viwili hivi kwenye hesabu moja. Na kama mgonjwa bado yuko wodini na saa 24 hazijapita, ni afadhali kumchukua damu sasa.

Eksudeti imethibitika. Vigezo vinasema ni ugonjwa gani?

Havisemi. Namba za pembeni kabisa hutoa dokezo: LDH inayopita 1000 huelekeza kwenye usaha, saratani au maradhi ya baridi yabisi, na kwenye kifua kikuu protini mara nyingi hupita 40 g/L. Jina la ugonjwa litatoka kwenye hesabu ya seli, pH, glukosi, uoteshaji na uchunguzi wa seli za saratani. Kati ya hivyo, pH ndiyo isiyosubiri. Ichukuliwe kwenye sirinji ya gesi za damu yenye heparini, bila povu la hewa, na ipimwe mara moja, kwa sababu maji ya nimonia yenye pH chini ya 7.2 yanahitaji mrija wa kifuani hata kama majibu mengine bado yako njiani. Na ukivuta sindano ukaona usaha mtupu, usiupitishe kwenye mashine ya pH wala usisubiri uwiano wowote, weka mrija.